Barua ya Binamu kutoka Omani: Kuisoma Pichani na Kuijibu kwa Kiarabu

Mohoro ina familia nyingi zenye ndugu upande wa pili wa bahari. Majahazi ya Waarabu yalikuja kwenye delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, na wafanyabiashara wengine wakabaki, wakafungua maduka, wakaoa. Wajukuu wa mtu mmoja leo wamegawanyika. Kuna wanaolima mpunga na kuvuna nazi hapa, na kuna wanaotunza mitende kule Omani. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walirudi kule na Kiswahili chao, na mpaka leo ukipiga simu Maskati unaweza kujibiwa kwa lafudhi ya Unguja. Lakini wale ambao tawi lao halikutoka Omani hawajui Kiswahili hata neno. Huandika kwa Kiarabu, tena wazee wao huandika kwa mkono. Siku hizi barua haiji kwa posta. Kijana wa kule huipiga picha, na picha huingia kwenye simu ya kijana wa huku.

Nimeshawasaidia watu kadhaa kuzisoma barua za namna hiyo na kuzijibu. Nimeona pia makosa yake, mengine yakileta ugomvi wa miaka kati ya watu wa damu moja. Kwa hiyo nitakuonesha njia yote, tangu picha inapoingia mpaka jibu linapoondoka, kwa barua moja ya mfano. Barua yenyewe nimeitunga kwa ajili ya makala haya, lakini hakuna kosa nitakalolitaja ambalo sijalikuta.

Tuseme ni Aprili 2024. Maji ya Rufiji yamefurika, mashamba ya Mohoro yamezama na watu wamehama nyumba zao. Bibi mmoja anapata picha ya barua kutoka Mudhaibi, mkoa wa Sharkiya Kaskazini, Omani. Mwandishi ni mtoto wa ami yake, yaani baba zao walikuwa ndugu. Barua ni ya ukurasa mmoja, mistari kumi na moja.

Kwanza picha yenyewe

Usianze kusoma kabla hujajiridhisha kwamba barua yote imo. Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo picha iliyokatwa ukingo wa kulia imepoteza mwanzo wa kila mstari. Msomaji aliyezoea kuanzia kushoto haoni pengo hilo, kwa sababu kushoto kumekamilika. Angalia pande zote nne. Usipoona ukingo wa karatasi upande mmoja, omba picha nyingine.

Unapoiomba, sema unachotaka. Karatasi ilazwe mezani karibu na dirisha, mchana, bila taa ya kamera, kwa sababu mwanga wa taa hufuta wino wa katikati. Ipigwe picha moja ya ukurasa mzima, kisha moja ya nusu ya juu na moja ya nusu ya chini. Kwenye WhatsApp itumwe kwa kitufe cha Document, kwani picha ya kawaida hupunguzwa ubora njiani. Ubora huo si anasa. Katika Kiarabu mahali pa nukta moja ndipo panapotenga *ba* na *nun*, na mahali pa nukta mbili ndipo panapotenga *ta* na *ya*. Picha yenye ukungu hula nukta kwanza.

Mmoja wa kusoma, mmoja wa kusikia

Sasa unamtafuta msomaji, na wengi humwendea mwalimu wa madrasa. Ni sawa, lakini ujue mpaka wake. Ustadhi amezoea hati ya naskhi, iliyo na nukta na irabu zote. Barua ya mkono huandikwa zaidi kwa hati ya rukaa, ambayo ni ya haraka. Nukta mbili huwa kistari kimoja, nukta tatu huwa alama kama kofia ndogo, meno ya herufi *sin* hulainishwa yakawa mstari mtupu, na irabu hakuna kabisa. Isitoshe, Kiarabu anachokijua ustadhi ni cha vitabu, na mzee wa Mudhaibi anaandika kama anavyozungumza.

Mtu wa pili ni yule aliyewahi kufanya kazi Omani, dereva au mama aliyekuwa msaidizi wa nyumbani. Huyo anakijua Kiarabu cha masikioni, ingawa pengine hawezi kusoma herufi moja. Waketishe wote wawili. Ustadhi asome kwa sauti, polepole, neno kwa neno, hata lile asilolielewa, na mwenzake asikilize. Nimeshuhudia neno lililomshinda mwalimu kwa nusu saa likitambuliwa mara tu lilipotamkwa: "Ah, hilo tulikuwa tukilisikia sokoni kila siku!"

Wewe kazi yako ni daftari. Ipe kila mstari wa barua namba, 1 mpaka 11. Chora safu tatu: ya kwanza maneno ya Kiarabu kama yalivyosomwa, ya pili maana ya neno kwa neno, ya tatu Kiswahili kilichonyooka. Neno lenye shaka liwekee alama ya kuuliza katika safu zote tatu, wala usilizibe kwa kubahatisha. Shaka iliyoandikwa inaweza kuulizwa. Iliyofichwa ndani ya sentensi nzuri haitaonekana tena, na kesho watu watakula kiapo kwamba barua ilisema hivyo.

Tarakimu: duara si sifuri

Bibi yetu alishtuka kwanza kwa tarehe. Mjukuu wake aliisoma akasema barua ni ya mwaka 1440 wa Hijria, yaani ya 2019. Kwa nini imetumwa leo?

Kosa lilikuwa kwenye tano. Katika tarakimu wanazoandika Omani, tano ni duara dogo, mfano wa sifuri yetu, na sifuri ni nukta tu. Sita yao inafanana na saba yetu. Saba ni kama herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa. Mwaka wenyewe ulikuwa 1445, na tarehe kamili 15/10/1445. Mwezi wa kumi hapo si Oktoba, ni Shawali, mfungo mosi. Idi ya mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili 2024, ambayo ndiyo Shawali mosi, hivyo Shawali 15 ni tarehe 24 Aprili. Barua ilikuwa mpya kabisa. Karibu na mwaka wa Hijria mwandishi huweka herufi *ha* ndogo, na wa Miladi huwekewa *mim*. Itafute alama hiyo kabla ya kubadilisha tarehe yoyote.

Jambo la pili kwenye tarakimu ni fedha. Mstari wa nane ulisema ametuma riali 50.500. Nyumba nzima ilisimama, maana mjukuu alisoma elfu hamsini na mia tano. Riali ya Omani imegawanywa katika baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya alama ya kutenganisha. Alichotuma ni riali hamsini na baisa mia tano. Ni msaada wa ndugu aliyejibana, si utajiri. Familia ikimsubiri mtu alete elfu hamsini, na zikaja hamsini, maneno yatakayosemwa juu yake hayatasahaulika upesi.

Wadi ulimjia nani?

Mstari wa tano ndio uliotufundisha zaidi. Msomaji wa kwanza aliutafsiri hivi: "Tumesikia mto umekujieni, na mali yote iko chini ya maji." Bibi akafarijika kwamba binamu yake amesikia habari za mafuriko ya Rufiji.

Uliposomwa tena kwa sauti, kitenzi kilikuwa *jaana*, wala si *jaakum*. Kiarabu hubandika mwenye kutendewa mwishoni mwa neno. *Na* ni sisi, *kum* ni nyinyi, *ka* ni wewe mwanamume, *ki* ni wewe mwanamke, *hu* ni yeye mwanamume na *ha* ni yeye mwanamke. Viishio hivi sita tu, ukivijua, vitakuokoa na nusu ya makosa ya nani kafanyiwa nini. *Jaana lwadi* ni "wadi ulitujia sisi".

Na wadi si mto kama Rufiji. Omani ina mabonde makavu ambayo mvua ikinyesha milimani hugeuka mafuriko kwa muda mfupi, na watu husema wadi umeshuka au umekuja. Mzee alitaja na siku, Shawali 5, ambayo kwenye karatasi ilikuwa duara peke yake na msomaji wa kwanza akairuka akidhani ni doa. Shawali 5 ya 1445 ni tarehe 14 Aprili 2024. Siku hiyo mafuriko makubwa yaliipiga Omani, na katika eneo la Samad al-Shan, wilaya hiyohiyo ya Mudhaibi, wanafunzi walipoteza maisha. Mzee hakuwa akitupa pole. Alikuwa akitueleza msiba wa kwao.

Fikiria jibu ambalo lingeandikwa kwa tafsiri ya kwanza: "Tunakushukuru kwa kutukumbuka, maji yameanza kupungua, tunaomba msaada." Mtu amekuambia kijiji chake kimeingiliwa na maji, nawe unamjibu habari za kwako na kumwomba fedha.

Ndani ya mstari huohuo kulikuwa na neno *mal*. Kwetu mali ni utajiri wowote, na Kiarabu cha vitabu kinakubali. Lakini katika vijiji vya Omani *mal* ni pia shamba la mitende lenye mgao wake wa maji ya mfereji wa falaji. Yule mama aliyefanya kazi kule alilitambua palepale. Kilichozama hakikuwa mali yote ya mzee bali shamba lake.

Neno hilo lilirudi mstari wa tisa: "na *mal* ya babu yetu huko kwenu, hali yake vipi?" Hapa wajukuu walikunja nyuso. Walisikia mtu anadai urithi. Kwa maana ya kijijini kwake, huenda anauliza tu kama minazi ya babu imesalimika. Huenda pia anauliza urithi. Barua haisemi, na sisi hatuna haki ya kuamua kwa niaba yake. Tuliweka alama ya kuuliza, na alama hiyo tukaibeba mpaka kwenye jibu.

Maneno ya jamaa waliopotezana

Mswahili anayeandika Kiarabu ana hatari ambayo Mzungu hana. Maneno mengi ya Kiarabu anayajua tayari, au anadhani anayajua, kwa sababu yalikuja kwetu zamani. Mengine yalipofika yalibadilika. Bibi alitaka kuandika "maisha si rahisi", na kijana wake akataka kuweka *rakhis*. Kwa Mwarabu hilo ni bei nafuu. Sentensi ingesomeka kama malalamiko ya bei za sokoni. Neno alilohitaji ni *sahl*. Vivyo hivyo *gharama* kwao ni faini, *tajir* ni mfanyabiashara hata akiwa amefilisika, na *arus* ni bibi harusi mwenyewe, si sherehe yake. Ukimwandikia kwamba unatafuta *gharama* ya safari, atajiuliza umefanya kosa gani barabarani.

Kanuni ni nyepesi. Neno la Kiarabu linalofanana na la Kiswahili ndilo la kuhakikishwa kwanza kwenye kamusi au kwa yule aliyeishi kule. Lisilofanana na chochote utalitafuta kwa vyovyote, hivyo halina hatari kubwa.

Majina ya udugu yanahitaji uangalifu zaidi. Sisi binamu tunamwita kaka, na baba mdogo ni baba. Kiarabu hutenga kila tawi: *amm* ni ndugu wa baba, *khal* ni mjomba, *amma* ni shangazi, *khala* ni mama mdogo au mkubwa. *Ibn amm*, mtoto wa ami, ndilo neno lililotupa "binamu". Ukitafsiri "baba mdogo" neno kwa neno, utampa mtu baba mdogo wa umri. Nalo "ndugu yangu" likiandikwa *akhi* lina sura mbili. Mwanzoni mwa barua, "akhi al-aziz" ni heshima ya kawaida na haimdanganyi mtu. Lakini katikati ya barua inayogusa shamba la babu, ukiandika kwamba fulani ni *akhi*, umesema mmezaliwa na baba mmoja au mama mmoja, na katika mirathi ya Kiislamu fungu la ndugu halifanani na la mtoto wa ami. Kwa hiyo kila mtu utakayemtaja umweleze kwa njia ya kuzaliwa: fulani binti fulani bin fulani, mpaka ufike kwa babu mnayechangia.

Kuandika rasimu ya Kiswahili inayokubali kutafsirika

Jibu zuri la Kiarabu huanza na rasimu nzuri ya Kiswahili. Andika kwa sentensi fupi, kila moja ikibeba jambo moja. Acha methali na mafumbo. Mwenye kutafsiri atayavunja, na mzee ataviona vipande tu. Fuata mpangilio wa barua yake, jambo kwa jambo, ili naye akiiweka yake kando ya yako aone kila neno lake limejibiwa.

Neno "pole" lipe uangalifu wake. Kiswahili hulitumia kwa aliyeanguka, aliyefiwa, mgonjwa na aliyechoka. Kiarabu hakina neno moja la kuyachukua yote hayo. Kwa aliyesalimika na mafuriko husemwa *alhamdulillah ala salamatikum*, shukrani kwa Mungu kwa kusalimika kwenu. Kwa aliyefiwa ni *adhama llahu ajrakum*, Mungu awakuzie ujira wenu. Kwa mgonjwa ni dua ya kuponywa. Ukikosea ukampelekea dua ya msiba mtu aliyesalimika, utamtisha. Kwa hiyo katika rasimu usiandike "pole". Andika kilichotokea, na mwenye Kiarabu atachagua dua yake.

Angalia pia jinsia. Bibi anamwandikia mwanamume, kwa hiyo barua "yako" ni *risalatuka*, kwa *ka*. Lakini barua ya mzee ilikuwa na *ki* kila mahali, kwa sababu alimwandikia mwanamke. Anayenakili maneno ya barua iliyopokewa ili ayatumie katika jibu, na wengi hufanya hivyo, humgeuza mzee kuwa mwanamke. Naye bibi akieleza hali yake, ataandika *maridha*, si *maridh*, kama anaumwa.

Rasimu yetu, baada ya kufutwa na kuandikwa mara tatu, ilikuwa hivi:

"Mohoro, 25 Shawali 1445, sawa na 4 Mei 2024. Kwa mtoto wa ami yangu mpendwa. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako ya tarehe 15 Shawali imenifikia kwa picha, na nimeisoma yote. Nimehuzunika kusikia kwamba wadi uliingia kijijini kwenu tarehe 5 Shawali. Namshukuru Mungu kwamba wewe na watoto mmesalimika. Namwomba awarehemu waliokufa. Nimeelewa kwamba shamba lako la mitende limezama. Je, mitende imeng'oka au imesimama? Riali hamsini na baisa mia tano ulizotuma zimefika. Nimenunua mchele na mbegu. Mungu akulipe heri. Sisi pia mto Rufiji umefurika. Maji yaliingia shambani. Hakuna aliyekufa katika nyumba yetu. Umeniuliza kuhusu *mal* ya babu yetu. Sijaelewa vizuri. Kama unauliza shamba la minazi, maji yamefika kwenye mashina, na minazi imesimama. Kama unauliza mirathi, tafadhali niandikie wazi unachotaka kujua. Salamu kwa mke wako na watoto. Ni mimi binti wa ami yako."

Chini yake kikafuata jina la bibi, la baba yake na la babu.

Rasimu haikujifanya kuelewa pale isipoelewa. Iliuliza, na kila njia ikapewa jibu lake. Wala haikuchelewesha mambo yote kwa sababu ya neno moja.

Kurudisha tafsiri kabla ya kutuma

Ustadhi na mwenzake walipomaliza kuigeuza kwa Kiarabu, hatukuituma. Tulimpa karatasi ya Kiarabu mtu wa tatu ambaye hakuwahi kuiona rasimu, tukamwomba atueleze kwa Kiswahili inasema nini, nami nikafuatilia kwenye daftari. Mambo mawili yalijitokeza. Mbegu zilikuwa zimekuwa "nafaka", ambalo ni kosa dogo. Lakini "sisi pia mto Rufiji umefurika" ilirudi ikisema "wadi wa Rufiji ulitujia pia tarehe hiyo", kwa sababu mwandishi aliunganisha sentensi mbili. Tukazitenga. Kazi hii ilichukua dakika ishirini. Usiiruke hata kama mfasiri wako ni hodari, kwa sababu mfasiri huona alichokusudia, siyo alichokiandika.

Ukubali na mpaka wa kazi yenyewe. Barua ya salamu, habari na maswali inafaa kwa njia hii. Siku mzee atakapotuma karatasi ya wakala wa kusimamia mirathi, au hati yoyote ya kutiwa saini, daftari lako halitoshi. Hapo anatakiwa mfasiri anayetambulika rasmi, na asitie mtu saini kabla ya kusomewa kila neno. Ubalozi wa Omani upo Dar es Salaam, na wa Tanzania upo Maskati. Ulizeni huko utaratibu kabla ya kulipa fedha popote.

Kuinakili kwa mkono

Mzee ameandika kwa mkono, basi naye ajibiwe kwa mkono. Ustadhi aandike kwa naskhi yake ya madrasa, nukta zote zikiwa wazi, mstari mmoja ukirukwa kila baada ya ulioandikwa. Fedha na tarehe ziwekwe kwa tarakimu na kwa maneno pia, ili duara na nukta zisimpoteze mtu wa upande wowote.

Majina ya kwetu yanataka mashauri. Kiarabu hakina herufi za *p*, *v*, *g* wala *ch*. Konsonanti za Mohoro zitaandikika bila taabu kwa *ha* nyepesi, na za Kibiti na Utete vilevile. Lakini Chumbi itageuka Shumbi au Tshumbi, na mtu anayeitwa Pazi atakuwa Bazi. Andika jina kwa Kiarabu, kisha palepale pembeni liandike kwa herufi zetu. Hivyo siku atakapotuma fedha tena, jina litakalojazwa kule litalingana na lililo kwenye kitambulisho cha mpokeaji huku.

Mwisho, ipige picha kwa masharti yaleyale uliyomwomba yeye, na nyuma yake tuma picha ya pili: rasimu ya Kiswahili. Omani kuna wajuzi wengi wa Kiswahili, na huko Sharkiya kuna nyumba zenye wazee waliozaliwa Unguja au bara. Mzee wa Mudhaibi akitilia shaka neno lolote, ataipeleka karatasi yetu kwa jirani aliyezaliwa Zanzibar, naye atamsomea moja kwa moja kutoka kwenye maneno ya bibi. Kosa lililotupita huku litanaswa kule.

Bibi ameliweka daftari ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya dari, mahali ambapo maji ya Aprili hayakufika. Safu zake tatu zimebaki wazi, na mbele ya neno *mal* alama ya kuuliza bado ipo, ikimsubiri mwenyewe aifute.